Nina hisa 30 kati ya 100, lakini sijui kinachoamuliwa wala sioni gawio

Ndugu Mshauri,

Mwaka 2014 mimi na ndugu wawili wa familia jirani tulisajili kampuni ya kukoboa mpunga na kusaga mahindi hapa Mbale, Uganda. Mimi nilichukua hisa 30, wao 70. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba sote watatu tutakuwa wakurugenzi na tutafanya kazi pamoja. Hadi mwaka 2020 tulikuwa tunagawana faida kila mwaka. Mwaka uliofuata waliniondoa kwenye ukurugenzi, na tangu hapo sijapata hata shilingi. Kila nikiuliza naambiwa faida imebaki ndani ili kampuni ikue. Wakati huohuo najua, kwa kuwa karani wa hesabu aliniambia, kwamba kila mmoja wao anajilipa mshahara wa shilingi milioni 8 kwa mwezi, na kampuni inapanga ghala la mmoja wao kwa milioni 4 kwa mwezi. Habari za mikutano nazipata ikiwa imekwisha. Sasa wameniletea barua kwamba kampuni itatoa hisa mpya 100 kwa bei ya shilingi milioni moja kila moja, na nisipolipia 30 kabla ya mwisho wa mwezi ujao watazichukua wao. Sina milioni 30. Je, sheria inanilinda, au mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kampuni?

Mwanahisa, Mbale

JIBU

Ndugu Mwanahisa,

Nianze na barua ya hisa mpya, kwa sababu hilo ndilo jambo lenye tarehe, na mengine yote yanaweza kusubiri wiki chache. Kwa hisa zako 30 kati ya 100 una nguvu moja ambayo huenda hujawahi kuitumia. Azimio maalumu, lile linalohitajika kwa mfano kubadilisha katiba ya kampuni, hupita kwa robo tatu ya kura, na ndugu hao wawili wana asilimia 70 tu. Hawawezi kulipitisha bila wewe. Wakitoa hisa 100 nyingine na kuzichukua zote, utakuwa na 30 kati ya 200, yaani asilimia 15, na kizuizi hicho kitaondoka siku hiyohiyo. Sisemi kwamba ndiyo nia yao, ila jaji atauliza swali hilo, na wewe ulijue kabla yake.

Chukua katiba ya kampuni, ambayo kama mwanahisa una haki ya kupewa nakala yake kwa ada ndogo, na uangalie mambo mawili. La kwanza ni kama mtaji uliosajiliwa unatosha kutoa hisa hizo. Kama hisa 100 mlizonazo ndizo zote zilizosajiliwa, basi mtaji lazima uongezwe kwanza na mkutano mkuu, na mkutano mkuu unahitaji taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 21 kwa kila mwanahisa. Mkutano unaopewa habari zake baada ya kwisha si mkutano, na azimio lake linaweza kupingwa. La pili ni kama katiba inawataka wakurugenzi wawape wanahisa waliopo nafasi ya kwanza, kwa masharti gani na kwa muda gani.

Hata kama karatasi zote ziko sawa, bado kuna swali la madhumuni. Wakurugenzi wamepewa mamlaka ya kutoa hisa ili kampuni ipate mtaji inaouhitaji. Katika kesi ya Howard Smith dhidi ya Ampol, iliyoamuliwa mwaka 1974 na Baraza la Faragha la Uingereza, hisa zilizotolewa ili kubadilisha nani ana hisa nyingi zilibatilishwa, ingawa kampuni ilikuwa kweli na haja ya fedha na ingawa wakurugenzi hawakutia pesa mfukoni. Kesi za Uingereza haziifungi Mahakama Kuu ya Uganda, lakini majaji wetu huzisoma na kuzifuata mara nyingi katika mambo ya kampuni, kwa sababu sheria yetu imetoka kwenye shina hilohilo. Kwa hiyo waandikie wiki hii, kwa barua inayopokelewa kwa sahihi, uulize fedha hizo milioni 100 ni za kazi gani, kwa nini bei ni milioni moja, na azimio lilipitishwa lini na nani. Malizia kwa kusema kwamba unapinga utoaji huo wa hisa na kwamba wasipousimamisha utaiomba mahakama iuzuie kwa muda. Ukifanikiwa kupata mkopo wa milioni 30 kabla ya tarehe, lipia ukiandika waziwazi kwamba unalipa huku ukipinga, maana hapo utabaki na asilimia 30 na hoja zako hazitapotea.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha jina lako limo katika daftari la wanahisa. Hili linaonekana dogo, lakini ni mlango ambao wengi hugonga ukiwa umefungwa, kwa kuwa malalamiko ninayoyaeleza hapa chini yamepewa mwanachama wa kampuni. Wewe ulitia sahihi hati za kuanzisha kampuni, kwa hiyo nafasi yako ni nzuri, ila nenda URSB, ofisi ya usajili, ulipie upekuzi wa faili. Humo utaona ritani, yaani taarifa ambazo kampuni huwasilisha kila mwaka, majina ya wakurugenzi na hisa za kila mmoja kama zilivyoandikishwa. Linganisha mwaka kwa mwaka. Kama ritani moja inasema una 30 na nyingine inasema 10, tatizo lako ni kubwa zaidi ya gawio, na itabidi uombe daftari lisahihishwe kwanza.

Sasa kuhusu gawio lenyewe. Hapa nitakuambia jambo ambalo hutalipenda. Kutolipwa gawio, peke yake, si kosa. Katika katiba nyingi zinazofuata Jedwali A, yaani katiba ya mfano iliyo ndani ya Sheria ya Makampuni, mkutano mkuu ndio unaotangaza gawio, lakini hauwezi kutangaza zaidi ya kile wakurugenzi walichopendekeza, na gawio hulipwa kutokana na faida tu. Wakurugenzi wakipendekeza sifuri kwa sababu kweli wananunua kinu cha pili, mahakama haitakaa kwenye kiti chao na kuamua badala yao. Wanahisa wengi hushindwa hapa kwa sababu hupeleka lalamiko moja tu, kwamba hawajalipwa, na upande wa pili hujibu kwa risiti za mashine.

Lalamiko lako lenye uzito ni tofauti. Ni kwamba faida inatoka, tena kila mwezi, ila inapita mlango ambao wewe huna ufunguo wake. Tuchukue mfano wa mwaka mmoja, na wewe uweke tarakimu halisi ukizipata. Tuseme kampuni inapata shilingi milioni 300 kabla ya kuwalipa ndugu hao chochote. Mishahara miwili ya milioni 8 kwa miezi 12 ni milioni 192. Kodi ya ghala ni milioni 48. Zinabaki milioni 60, na baada ya kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 zinabaki milioni 42. Hizo ndizo unazoambiwa zimehifadhiwa. Sasa tuseme mameneja wa vinu vya ukubwa huo wanalipwa milioni 3 kwa mwezi, na ghala kama lile linapangwa kwa milioni 2. Gharama hizo mbili zingekuwa milioni 96 kwa mwaka, faida kabla ya kodi ingekuwa milioni 204, na baada ya kodi milioni 142.8. Tofauti kati ya 42 na 142.8 ndiyo kesi yako. Ndugu hao wanapata gawio lao, isipokuwa limeandikwa jina jingine, na wewe mwenye asilimia 30 umeachwa nje ya hesabu hiyo.

Katika kesi ya Uingereza inayojulikana kama Sam Weller, kampuni ya familia ilikuwa imelipa gawio lilelile dogo kwa miaka 37 huku ikiendelea kupata faida nzuri, na wanahisa wachache walidai kwamba waliokuwa ndani ya uendeshaji walikuwa wakinufaika kwa njia nyingine. Upande wa pili uliomba ombi hilo litupwe kwa kuwa wanahisa wote walipata gawio la kiwango kimoja. Jaji alikataa kulitupa. Wewe una hoja iliyo kali kuliko hiyo, kwa sababu kampuni yenu ilikuwa na desturi ya kugawana kila mwaka, na desturi hiyo ilikoma baada tu ya wewe kuondolewa.

Ili mfano wangu ugeuke ushahidi, unahitaji karatasi, na maneno ya karani hayatoshi. Tena usimtumie karani akutolee nyaraka kwa siri. Atafukuzwa, na wakili wa upande wa pili atayageuza mazungumzo kuwa ya wizi. Mwanahisa ana haki ya kukagua daftari la wanahisa na kumbukumbu za mikutano mikuu, na ya kupelekewa hesabu zilizokaguliwa zinazowekwa mbele ya mkutano mkuu. Hana haki ya kufungua kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi wala taarifa za benki. Hizo huja baadaye, mahakama ikiamuru zitolewe. Lakini hesabu zilizokaguliwa, zikiwa zimeandaliwa vizuri, huwa na maelezo yanayotaja malipo ya wakurugenzi na miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Hapo ndipo kodi ya ghala hujitokeza. Ikiwa haikutajwa kabisa, nalo ni jambo la kuuliza, kwa sababu mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba wa kampuni analazimika kuyatangaza kwa wenzake.

Wasipokupa, tumia haki ambayo asilimia 10 ya mtaji wenye kura inatosha kuipata, yaani haki ya kudai mkutano mkuu wa dharura. Andika barua yenye ajenda, itie sahihi, uifikishe kwenye anwani iliyosajiliwa ya kampuni. Weka mambo matatu tu: hesabu za miaka yote tangu 2021, malipo ya wakurugenzi pamoja na upangaji wa ghala, na sera ya gawio. Wakurugenzi wana siku 21 za kuanza kuuitisha. Wasipofanya hivyo, unaweza kuuitisha mwenyewe ndani ya miezi mitatu tangu ulipowasilisha barua, na gharama zako za msingi hulipwa na kampuni, nayo huzikata kwenye malipo ya wakurugenzi waliozembea.

Katika mkutano huo utashindwa kura, 70 kwa 30, kwa kila jambo, na usihuzunike. Huendi kushinda. Unakwenda kuuliza maswali mbele ya mashahidi na kudai majibu yaandikwe. Wakijibu kwamba mishahara iliwekwa bila kulinganisha na soko lolote, au wakikataa kujibu, kumbukumbu hiyo itakufaa kuliko kurasa 20 za kiapo.

Baada ya hapo kuna milango miwili, na watu huichanganya. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012, katika kifungu cha 247, ilimpa mwanachama anayelalamika kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa ukandamizaji nafasi ya kupeleka ombi kwa Msajili wa Makampuni. Kifungu cha 248 kilimpa nafasi ya kwenda mahakamani akidai kwamba uendeshaji unaathiri maslahi yake isivyo haki. Vifungu hivi vina nambari nyingine katika toleo jipya la sheria za Uganda, ambamo Sheria ya Makampuni ni Sura ya 106, kwa hiyo wakili wako asinakili nambari za zamani kutoka kesi ya nyuma.

Msajili ni mlango wa gharama ndogo, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Unafaa pale ambapo lalamiko ni la taratibu, kwa mfano mikutano isiyoitishwa au ritani za uongo. Kwa lako ningekushauri Mahakama Kuu. Sababu yangu ni kwamba unahitaji amri ya haraka ya kuzuia hisa mpya, unahitaji nyaraka za benki, na unahitaji mthamini ahojiwe kwa kiapo. Tena kigezo cha kuathiriwa isivyo haki ni chepesi kuthibitisha kuliko ukandamizaji, ambao mahakama za Uingereza katika kesi ya Meyer ya mwaka 1959 ziliueleza kuwa ni mwenendo wa kulemea, mkali na usio wa haki. Jiandae pia kupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kesi kusikilizwa, kwa kuwa kanuni za mwaka 2013 zinaitaka mahakama ipeleke huko mashauri ya madai. Usiuone kama kupoteza muda. Kesi nyingi za aina hii huishia hapo, na anayefika na tarakimu ndiye anayesikilizwa.

Wakili wa upande wa pili hakika atataja kesi ya zamani ya Foss dhidi ya Harbottle, ya mwaka 1843, kwamba kampuni ikidhulumiwa ni kampuni yenyewe inayoshtaki, si mwanahisa mmoja. Kwa kodi ya ghala iliyozidi, ana hoja, maana hasara hiyo ni ya kampuni. Ndiyo maana usifungue kesi ya kudai pesa hizo zirudishwe mfukoni mwako. Eleza ghala kama sehemu ya mwenendo mzima uliokuumiza wewe kama mwanahisa, na umwachie jaji, ambaye akiona inafaa anaweza kuruhusu shauri lifunguliwe kwa jina la kampuni. Taja vilevile kwamba sheria yetu inawataka wakurugenzi watende kwa nia njema kwa maslahi ya kampuni nzima, jambo ambalo limeelezwa kuwa ni pamoja na kuwatendea wanahisa wote sawa na kuepuka mgongano wa maslahi. Maneno hayo yamo ndani ya sheria yenyewe. Hayahitaji kuazimwa kokote.

Makubaliano yenu ya mdomo ya 2014 nayo yana kazi. Katika kesi ya Ebrahimi ya mwaka 1973, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikubali kwamba kampuni ndogo iliyoanzishwa kwa kuaminiana, ambayo kila mmoja alitarajia kushiriki katika uendeshaji, haiangaliwi kwa katiba yake peke yake. Wenye hisa nyingi wanaweza kuwa na haki kisheria ya kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, na bado matumizi ya haki hiyo yakawa si ya haki. Tafuta chochote kinachoonyesha mpango ule: ujumbe wa simu, fomu ya benki yenye sahihi zenu tatu, malipo ya gawio ya miaka ya kwanza. Angalia pia kama ulipoondolewa ilitolewa taarifa maalumu ya siku 28 inayotakiwa na kama ulipewa nafasi ya kujieleza.

Uombe nini? Hapa ndipo nisingekubaliana na wanaotaka kurudishwa kwenye ukurugenzi. Utarudi kwenye meza ya watu watatu ambapo wawili wanakuona adui, na kila mwezi utashindwa kura. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru hisa zako zinunuliwe na wanahisa wengine au na kampuni, na kwa hali yako hilo ndilo ombi la kwanza ningeliandika. Lakini pigano halisi huwa juu ya bei. Tukirudi kwenye mfano wetu, tuseme tu kwa ajili ya hesabu kwamba mthamini anaipima kampuni kwa mara nne ya faida yake ya mwaka baada ya kodi. Akitumia vitabu kama vilivyo, yaani milioni 42, kampuni ina thamani ya milioni 168 na sehemu yako ni milioni 50.4. Akirekebisha mishahara na kodi ya ghala kwanza, akapata milioni 142.8, kampuni ni milioni 571.2 na sehemu yako ni milioni 171.36. Kisha wakija kusema kwamba hisa za wachache hazina nguvu na zipunguzwe theluthi, utashuka hadi milioni 114.24. Kwa hiyo barua ya kumteua mthamini iandikwe na wakili, na iseme mambo mawili kwa maandishi: malipo ya wakurugenzi yarekebishwe kulingana na soko, na hisa zihesabiwe kwa uwiano kamili bila punguzo la uchache. Mahakama za Uingereza kwa kawaida hukataa punguzo hilo katika kampuni za kuaminiana kama yenu, pale ambapo muuzaji hakusababisha mwenyewe mgogoro.

Tarakimu hizo pia zinaeleza bei ya hisa mpya. Kampuni yenye thamani ya milioni 571.2 na hisa 100 ina hisa ya milioni 5 na zaidi; wao wanaziuza kwa milioni moja. Wakizichukua zote 100, kampuni itakuwa na milioni 671.2, asilimia 15 yako itakuwa milioni 100.68, na utakuwa umepoteza zaidi ya milioni 70 bila kuuza chochote. Hesabu hiyo iwe kwenye kiapo chako cha kuomba zuio.

Usipeleke jambo hili kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, wala polisi. Najua ndiyo njia ya kwanza inayokuja kichwani, na pengine utaitwa kikao na kupewa chai, lakini ofisi hizo haziwezi kuamuru hisa zinunuliwe, na ahadi itakayotolewa pale haitatekelezeka.

Huenda ndugu hao, wakisoma barua ya wakili, wakajitolea kununua hisa zako. Wakikubali mthamini huru aliyechaguliwa kwa pamoja, nyaraka sawa kwa pande zote, uwiano bila punguzo na mchango wa gharama zako za wakili, ikubali, kwa kuwa mwanahisa anayekataa toleo la haki la aina hiyo hujikuta ombi lake likitupwa; kesi ya O'Neill dhidi ya Phillips ya mwaka 1999 ilieleza hivyo. Wakitaka kulipa kwa awamu, omba dhamana juu ya mali, kama hati ya ghala lile, na fomu ya kuhamisha hisa ibaki kwa wakili hadi awamu ya mwisho ilipwe. Kukubaliana pia nani analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 juu ya uhamisho ni jambo la mstari mmoja katika mkataba, na mara nyingi ndio mstari unaosahaulika.

Mshauri